Chenji Iliyozidi

Mafungu ya kusoma: Mambo ya Walawi 6:2–5, Luka 16:10

Ijumaa alasiri, mwenye duka mmoja alinunua bidhaa za shilingi 46,000 kwenye duka la jumla, akalipa 50,000. Alipofika kwake na kuhesabu chenji, alikuta noti moja ya 2,000 na nyingine ya 10,000. Zilikuwa zimezidi shilingi 8,000.

“Baba, wale ni matajiri,” mwanawe alisema. “Hawatajua.”

“Jioni watafunga hesabu, mwanangu. Pungufu atakatwa yule kijana wa kaunta.”

Alipanda baiskeli, akarudi kabla jua halijatua. Alimkuta kijana akihesabu fedha kwa mara ya tatu, jasho likimtoka.

Sheria ya Walawi haikumtaja mnyang'anyi peke yake. Ilimhusu pia aliyeokota kitu kilichopotea, kisha akakana: alitakiwa kukirudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Kosa la mwenzako haligeuzi mali yake kuwa yako. Naye Yesu alifundisha kwamba uaminifu hupimwa katika lililo dogo.

Kwa majadiliano: Kama kijana yule asingekatwa chochote, je, wajibu wa mwenye duka ungebadilika? Kwa nini?