Wastani wa matawi si wastani wa marejesho

Tuseme chama cha akiba na mikopo kina matawi manne: Kariakoo, Mbagala, Kibaha na Bagamoyo. Kila mwisho wa mwezi meneja wa tawi hutuma makao makuu asilimia ya marejesho yaliyolipwa kwa wakati. Kariakoo inatuma 78, Mbagala 82, Kibaha 94, Bagamoyo 96. Ofisa wa takwimu anaziingiza kwenye jedwali, anazitafutia wastani, na dashibodi ya bodi inaonyesha 87.5 kwa rangi ya kijani. Hesabu yake haina kosa: 78 na 82 na 94 na 96 ni 350, na 350 ukiigawa kwa 4 unapata 87.5. Ila bodi haikuuliza hivyo. Bodi ilitaka kujua, katika kila marejesho 100 ambayo chama kilitakiwa kupokea mwezi ule, ni mangapi yalifika kwa wakati.

Ili kujibu swali hilo inabidi tufungue asilimia zenyewe tuone zimetoka wapi.

```
Tawi       Yaliyotakiwa   Kwa wakati   Asilimia
Kariakoo          2,000        1,560         78
Mbagala           1,200          984         82
Kibaha              250          235         94
Bagamoyo            150          144         96
Jumla             3,600        2,923
```

Gawanya 2,923 kwa 3,600. Jibu ni asilimia 81.2. Kati ya 81.2 na 87.5 kuna pengo la zaidi ya pointi sita, na katika marejesho 3,600 pengo hilo ni marejesho 227 ambayo dashibodi inayahesabu kama yamelipwa kwa wakati ilhali hayakulipwa hivyo. Mhasibu anayepanga fedha za kukopesha mwezi ujao akiitegemea namba ya kijani, atajikuta na upungufu asioweza kuueleza.

Chanzo ni uzito. Ukijumlisha asilimia nne na kugawa kwa nne, umelipa kila tawi robo ya sauti. Bagamoyo yenye marejesho 150 inapata robo, na Kariakoo yenye 2,000 nayo inapata robo. Maana yake rejesho moja la Bagamoyo linahesabika sawa na marejesho 13 ya Kariakoo. Hakuna mtu kwenye bodi angekubali jambo hilo kama angeambiwa waziwazi, lakini ndilo analolikubali kila anapoisoma namba ile.

Tazama pia namba imepotoka kuelekea upande gani. Hapa matawi makubwa ndiyo yanayosuasua na madogo ndiyo yanayofanya vizuri, kwa hiyo wastani wa wastani umepanda juu ya ukweli. Mambo yangekuwa kinyume, matawi makubwa yakifanya vizuri, dashibodi ingekionyesha chama kibaya kuliko kilivyo. Kama matawi yote yana marejesho sawa kwa idadi, au yote yana asilimia moja, namba mbili zinakutana. Hilo ndilo linalowapumbaza wengi: chama kinapoanza na matawi mawili yanayolingana, fomula inatoa jibu sahihi, inazoeleka, kisha matawi yanakua kwa kasi tofauti na hakuna anayerudi kuikagua.

Kukagua kwenyewe hakuhitaji hata kikokotoo. Angalia matawi makubwa. Kariakoo na Mbagala kwa pamoja zina marejesho 3,200 kati ya 3,600, na zote mbili ziko kati ya 78 na 82. Matawi mawili madogo yanaweza kuusogeza wastani wa chama juu kidogo tu. Basi namba ya 87.5, iliyo juu mno kuliko matawi yanayobeba karibu kazi yote, haiwezi kuwa ya chama kizima. Ukiiona namba ya jumla imekaa mbali na matawi makubwa, fungua seli usome fomula. Aghalabu utakuta hii:

```
=AVERAGE(D2:D5)
```

Dawa ni kuacha kupokea asilimia tupu kutoka matawini. Kila tawi litume namba mbili, yaliyotakiwa na yaliyolipwa kwa wakati, na asilimia ikokotolewe makao makuu, ya tawi na ya jumla vilevile. Kama yaliyotakiwa yako safu B na yaliyolipwa kwa wakati safu C, fomula ya jumla ni hii:

```
=100*SUM(C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Kama una ripoti za zamani zenye asilimia na idadi ya yaliyotakiwa tu, bado unaweza kuurudisha ukweli kwa kuzidisha kila asilimia na idadi yake:

```
=SUMPRODUCT(D2:D5,B2:B5)/SUM(B2:B5)
```

Kuwa mwangalifu na unachokitumia kama uzito. Lazima kiwe ile namba ya chini iliyotumika kugawa ili kupata asilimia yenyewe, yaani marejesho yaliyotakiwa. Nimeona watu wakitumia idadi ya wanachama wa tawi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mwanachama asiye na mkopo hana rejesho la kulipa, kwa hiyo tawi lenye wanachama wengi na wakopaji wachache linapewa sauti lisiyostahili. Unaondoa kosa moja unaingiza jingine, na hili la pili ni gumu zaidi kuligundua kwa kuwa fomula inaonekana ya kitaalamu.

Kuna hali moja ambayo itakuletea maswali baada ya kurekebisha, na ni heri uijue mapema. Mwezi unaofuata kila tawi linapanda pointi moja: 79, 83, 95, 97. Wakati huohuo Kariakoo imekopesha wafanyabiashara wengi wapya, marejesho yake yamefika 4,000. Mbagala imebaki 1,200, Kibaha imeshuka hadi 200 na Bagamoyo 100. Jumla ya yaliyotakiwa ni 5,500, yaliyolipwa kwa wakati 4,443, sawa na asilimia 80.8. Kila meneja amepanda, chama kimeshuka. Hakuna aliyekosea. Tawi lenye asilimia ya chini limechukua sehemu kubwa zaidi ya kazi, na mwanatakwimu Mwingereza Edward Simpson alijadili mgeuko wa namna hii katika makala yake ya mwaka 1951. Ndiyo maana kando ya namba ya jumla ni vizuri kuweka safu ya idadi ya kila tawi, ili anayeona chama kimeshuka aone pia kwamba Kariakoo imeongezeka maradufu.

Wastani wa matawi una mahali pake. Ukitaka kujua tawi la kawaida linaendeshwaje, kwa mfano unapopima mafunzo waliyopewa mameneja wote, kila meneja ni mtu mmoja na robo ya sauti ni haki yake. Uweke, lakini uuandike kwa jina lake, “wastani wa matawi”, na ule mwingine “marejesho yote ya chama”. Neno “wastani” likisimama peke yake kwenye dashibodi, kila msomaji atalijazia maana yake.

Na kama matawi yanatuma namba ya katikati badala ya wastani, mathalani mkopo ulio katikati pale mikopo yote inapopangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, hakuna uzito utakaokuokoa. Namba ya katikati ya chama haipatikani kutoka namba za katikati za matawi. Hapo itakubidi uombe orodha nzima ya mikopo, mmoja mmoja.