Mpango wa Biashara: Gani, Wapi, kwa Pesa Ngapi, na Nani Atausoma?



Barua nyingine hutufikia ikiwa na mstari mmoja tu: "Tafadhali tuandikieni mpango wa biashara." Haisemi ni biashara gani, itakuwa wapi, pesa ni ngapi, wala nani atakayeusoma mpango huo. Hata fundi wa kulipwa akiijibu barua kama hii, atawapa karatasi ya kubahatisha tu. Hebu tuone kwa nini.

Biashara gani? Tuseme kikundi kimechagua kufuga kuku 100 wa mayai, kikianza na vifaranga wa siku moja. Kuku hawa huanza kutaga wakiwa na karibu wiki 20. Kabla ya hapo kila mmoja hula kama kilo 7 au 8 za chakula. Kwa kuku 100 ni magunia 10 hadi 12 ya kilo 70, na bado hakuna yai hata moja la kuuza. Hapa ndipo wengi hukwama. Pesa zote zinaishia kwa banda na vifaranga, kisha mwezi wa tatu chakula kinapunguzwa. Kuku wanadumaa, na mayai yanachelewa zaidi.

Wapi? Kuku 100 wakitaga vizuri mtapata kama mayai 80 kwa siku, yaani trei 80 kwa mwezi. Je, kijiji chenu kitazimaliza? Kama soko liko mjini, toeni kwanza nauli na mayai yanayovunjika njiani. Kinachobaki ndicho bei yenu ya kweli.

Pesa ngapi? Hesabuni zilizo mkononi, siyo zile mnazotumaini. Ulizeni bei ya gunia kwa duka lenu, na muongeze gharama ya chanjo. Kama pesa haziwezi kufikisha kuku 100 wiki ya 20, anzeni na 50.

Nani atausoma? Kama ni ninyi wenyewe, ukurasa mmoja watosha: nani atalisha, nani ataweka pesa, nani ataandika daftari. Lakini mkopeshaji atauliza mtamlipa lini na kwa pesa gani. Akitaka malipo yaanze mwezi unaofuata mkopo, nanyi mayai yenu ni ya mwezi wa tano, mwombeni awape muda wa kungoja, au andikeni ni michango gani itakayolipa miezi hiyo. Mkinyamaza, mtajikuta mkiuza kuku kabla hawajataga ili kulipa deni.

Basi katika mkutano wenu ujao, mwandishi wa kikundi aandike maswali haya manne, na chini ya kila moja jibu mlilokubaliana. Swali lolote litakalobaki bila jibu, msichukue mkopo kwanza. Mkishapata majibu yote manne, mtaona kwamba sehemu kubwa ya mpango mmekwisha kuiandika wenyewe.