Simu Moja, Pande Mbili: Kile Mwajiri Anaweza Kuona na Asichoweza

Mfanyakazi anapoombwa kuweka barua pepe ya ofisi kwenye simu yake binafsi, swali linalomjia huwa ni moja: je, wakubwa watasoma jumbe zangu, wataona picha za familia yangu na miamala yangu ya M-PESA? Jibu linategemea jinsi simu hiyo ilivyosajiliwa katika mfumo wa ofisi wa kusimamia simu. Makala haya yanaeleza usajili huo kwenye simu za Android, ambazo ndizo wafanyakazi wengi wanazo.

Ukuta ndani ya simu

Tangu toleo la Android 5.0 la mwaka 2014, simu inaweza kugawanywa pande mbili. Upande wa pili huitwa wasifu wa kazini. Mfanyakazi hupakua programu ya usimamizi au huskani msimbo wa QR anaopewa na maafisa wa TEHAMA, kisha simu hujenga sehemu mpya yenye hifadhi yake. Programu za sehemu hiyo huwa na alama ndogo ya mkoba, na kwenye orodha ya programu huonekana vichupo viwili, `Personal` na `Work`.

Programu moja inaweza kuwepo pande zote mbili bila kuchanganyika. Gmail yenye alama ya mkoba na Gmail isiyo nayo ni nakala mbili tofauti, kila moja ikiwa na akaunti na faili zake. Mfumo wa ofisi hutawala upande wa mkoba pekee. Maafisa wa TEHAMA wanaweza kuweka na kuondoa programu huko, kudai nenosiri gumu zaidi, na kuzuia mtu kunakili maandishi ya barua ya ofisi na kuyabandika upande wa binafsi.

Kinachoonekana ofisini

Chukua mfano wa afisa wa afya ya umma katika wadi, anayekagua mikahawa na bucha akitumia simu yake mwenyewe. Fomu za ukaguzi na barua pepe ya kaunti ziko upande wa kazini. Afisa wa TEHAMA akifungua ukurasa wa usimamizi, ataona aina ya simu, toleo la Android, kama simu imefungwa kwa nenosiri, mara ya mwisho ilipowasiliana na mfumo, na orodha ya programu za kazini. Barua na faili za akaunti ya kazi ni mali ya ofisi, na ofisi inaweza kuzifikia kupitia akaunti yenyewe.

Haoni orodha ya programu za upande wa binafsi. Hawezi kufungua picha, SMS, mazungumzo ya WhatsApp wala historia ya tovuti zilizotembelewa upande huo.

Hata hivyo, ukuta huu una mipaka. Mfanyakazi akiunganisha simu kwenye Wi-Fi ya ofisi, wanaosimamia mtandao huo wanaweza kuona majina ya tovuti ambazo simu inawasiliana nazo, hata kutoka upande wa binafsi. Vilevile, kama laini hulipiwa na mwajiri, ankara ya kampuni ya simu inaweza kuonyesha nambari zilizopigwa. Mambo haya hayapitii mfumo wa kusimamia simu, kwa hiyo wasifu wa kazini hauwezi kuyazuia.

Simu inapopotea

Tuseme afisa huyo anashuka kwenye matatu na kugundua simu haipo. Anaarifu idara ya TEHAMA, nayo inatuma amri ya kufuta. Kwa kuwa simu ni yake binafsi, amri hiyo hufuta wasifu wa kazini pekee. Haitekelezwi papo hapo ikiwa simu imezimwa au haina data. Husubiri hadi simu iingie tena mtandaoni.

Hapa watu wengi hukosea mara mbili. Kwanza, hudhani ofisi imelinda simu nzima. Upande wa binafsi haukuguswa, kwa hiyo mwenye simu bado anapaswa kufunga laini yake kupitia kampuni ya simu na kuifunga simu yenyewe kupitia akaunti yake ya Google.

Pili, huchanganya pande. Afisa akiwa amepiga picha za mahafali ya mtoto wake kwa kamera yenye alama ya mkoba, picha hizo zilihifadhiwa upande wa kazini na zitafutwa pamoja na fomu. Ndivyo itakavyokuwa pia siku atakapoacha kazi na wasifu ukaondolewa. Kabla ya kupiga picha au kuhifadhi cheti, angalia alama ya mkoba. Na picha za ukaguzi zilizopigwa kwa kamera ya binafsi na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp ziko nje ya ulinzi wa ofisi. Amri ya kufuta haitazifikia.

Simu iliyonunuliwa na mwajiri

Simu ya mwajiri inaweza kusajiliwa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, simu bado ina pande mbili, lakini mwajiri anaweza kuzuia baadhi ya programu upande wa binafsi na kufuta simu nzima. Katika ya pili, simu yote husimamiwa na hakuna upande wa binafsi. Mwajiri huona kila programu iliyowekwa, na picha za nyumbani hazifai kuhifadhiwa humo kabisa.

Simu inayosimamiwa yote husajiliwa ikiwa mpya au baada ya kufutwa kabisa, mara nyingi kwa kugusa skrini ya makaribisho mara sita na kuskani msimbo wa QR. Hivyo basi, mfanyakazi akiambiwa afute simu yake binafsi yote ili isajiliwe, huo si wasifu wa kazini wa kawaida. Asimame na aulize. Dalili nyingine ni maandishi `This device belongs to your organization` kwenye skrini iliyofungwa. Yakionekana kwenye simu uliyonunua kwa pesa zako, usajili umefanywa kwa njia isiyofaa.

Kabla ya kukubali

Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamtaka anayekusanya data amweleze mhusika, kadiri inavyowezekana kabla ya kuikusanya, kwamba data yake inachukuliwa na kwa madhumuni gani. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza maswali matatu: simu yangu inasajiliwa kwa njia ipi, ni nini kitaonekana, na ni nini kitafutwa nikiondoka?

Baada ya usajili, kwenye simu nyingi unaweza kufungua mipangilio, kisha sehemu ya faragha, na kusoma `Your work policy info`, ambapo simu yenyewe huorodhesha mambo ambayo msimamizi anaweza kuona na kubadilisha. Jioni au ukiwa likizoni, unaweza kuzima programu za kazini kwa kitufe kilicho kwenye kichupo cha `Work`. Arifa za ofisi zitakoma hadi uziwashe tena.

Mfanyakazi ambaye hakuridhika na majibu aanze na idara ya TEHAMA. Lalamiko lisipotatuliwa, anaweza kuliwasilisha katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.