Mlango wa Umio Usiofunguka: Namna ya Kusoma Picha Mbili

Chakula ukikimeza hakianguki tumboni kama jiwe kisimani. Umio, ndio bomba la chakula, una urefu wa sentimeta 25 hivi. Nyama zake hukaza na kulegea, zikisukuma tonge chini. Mwisho wake pana mlango wa nyama. Tonge likifika, mlango hulegea; likiisha kupita, hufunga tena.

Yako magonjwa mawili yanayoziba njia hii, na wagonjwa wa yote mawili husema neno moja: "Chakula kinasimama hapa." La kwanza ni akalasia. Seli za fahamu katika ukuta wa umio zimekufa, kwa hiyo mlango haulegei. La pili ni kansa: uvimbe umeota ukutani na kuibana njia. Mwenye akalasia aweza kufunguliwa mlango na kula tena miaka mingi. Mwenye kansa akicheleweshwa, uvimbe unaendelea kukua. Kwa hiyo tusiyachanganye.

Fikiri watu wawili waliofika hospitali moja ya Kindu. Mama wa miaka 34 amesumbuliwa miaka mitatu. Tangu mwanzo maji humshinda sawasawa na bukari, na usiku chakula cha jana humrudia kinywani. Mzee wa miaka 62 ameugua miezi minne tu. Kwanza nyama ilikwama, kisha bukari, sasa hata uji, naye amekonda sana. Masimulizi hayo tayari yanaonyesha njia, lakini tupige picha.

Mgonjwa asile wala kunywa tangu usiku wa manane. Msimamishe, mgeuze kidogo upande ili umio usifichwe na mifupa ya mgongo, halafu anywe bariamu, ile dawa nyeupe nzito. Kwenye picha bariamu huonekana nyeupe na hewa nyeusi. Lakini ukidhani umio umetoboka, usimpe bariamu. Mwite daktari kwanza.

Tazama picha ya mama. Umio umepanuka sana, na ndani yake mabaki ya chakula yanaelea juu ya bariamu. Hewa nyeusi ambayo kwa kawaida huonekana juu ya tumbo haipo. Sasa tazama chini kabisa. Bariamu inapungua polepole, pande zote mbili sawasawa, kingo zikiwa laini, mpaka inakuwa nyembamba kama mdomo wa ndege. Piga tena baada ya dakika 1, 2 na 5, upime kimo cha bariamu iliyobaki. Kwa mama huyu, baada ya dakika 5 imebaki sentimeta 9. Kipimo hiki chaonyesha kwamba umio hautoki vizuri, hakionyeshi sababu.

Tazama picha ya mzee. Umio wa juu haukupanuka sana, maana ugonjwa haujakaa. Bariamu haipungui polepole. Inakatika ghafula, kama bega, na baada ya bega njia inapinda, upande mmoja umeliwa zaidi kuliko mwingine, kama ukingo wa Lualaba uliomong'onyolewa na maji. Katika picha zote sehemu hiyo haibadiliki umbo. Mdomo wa ndege wa akalasia, kinyume chake, mara nyingine hufunguka kidogo, bariamu ikapita kwa mkondo mdogo.

Sasa angalia mtego. Uvimbe ulioota pale pale mlangoni, au unaoubana kutoka tumboni, unaweza kuiga mdomo wa ndege. Shuku hivyo kama mgonjwa amepita miaka 55, ameugua chini ya mwaka mmoja, na amekonda upesi. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Kila mmoja aangaliwe umio kwa mrija wenye taa, na kipande cha mahali panaposhukiwa kikatwe na kupimwa. Usimtanue mtu kwa puto kabla ya hapo, maana puto la milimeta 30 linalofungua mlango wa akalasia laweza kupasua umio wenye kansa. Njia nyingine ya kufungua ni kukata nyama za mlango, kama alivyofanya Ernst Heller mwaka 1913.

Wala usiseme, "Huyu ni kijana, si kansa." Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, magharibi mwa Kenya, kansa ya umio imeonekana hata kwa watu wasiofika miaka 30.

MAULIZO
1. Kwa nini umio wa mama ulipanuka kuliko wa mzee?
2. Taja alama tatu za kansa katika picha.
3. Mtu wa miaka 60, ameugua miezi mitano, picha yake ina mdomo wa ndege. Utafanya nini kabla ya puto?