Dondoo muhimu: Kupima kasi ya mauzo ya tiketi

Mauzo ya tiketi hayapandi kwa mstari ulionyooka, kwani wanunuzi wengi husubiri wiki ya mwisho. Kugawa lengo kwa idadi ya siku kunapotosha. Kipimo cha kuaminika ni daftari la onyesho lililopita la aina hiyo hiyo.

Kwa mfano, lengo la usiku wa taarab ni tiketi 400, na onyesho lililopita lilikuwa limeuza asilimia 45 ya tiketi zake siku saba kabla. Siku hiyo zinapaswa kuwa zimeuzwa 180. Zikiwa 126, makadirio ya mwisho ni 126 ÷ 0.45, yaani 280. Matangazo huongezwa siku hiyo hiyo, lakini kwanza ihakikishwe kwamba malipo ya simu hayajakwama na mawakala wote wametoa hesabu. Mara nyingi pengo ni vitabu vya tiketi visivyohesabiwa.

Vitabu hivyo ndivyo pia huzidisha watu ukumbini. Katika ukumbi wa viti 450, tiketi zikifika 400 mawakala husimamishwa wote kwa pamoja, vishina hukusanywa, na viti vinavyobaki baada ya waalikwa huuzwa mlangoni pekee.