Ushuru na Picha za Maonyo katika Pakiti za Sigara: Maswali na Majibu

Wanafunzi wanaoandika insha juu ya sera ya tumbaku aghalabu huniuliza, mimi niliye mwalimu wa uchumi wa afya, ni ushahidi gani unaofaa kutegemewa. Katika majibu haya nimechagua nchi ya Kanada, kwa sababu mwaka 1994 ilipunguza ushuru wa sigara, na miaka michache baadaye ikawa ya kwanza duniani kulazimisha picha za maonyo katika pakiti, hata mtafiti akapata kuzitazama hatua zote mbili katika nchi moja.

Mvutaji amekwisha tawaliwa na tumbaku. Kupanda kwa bei kutamzuiaje?

Ni kweli kwamba mvutaji wa siku nyingi haachi kwa wepesi, wala hapana mchumi mwenye insafu anayedai kuwa bei peke yake humkomboa kila mtu. Lakini wavutaji si watu wa namna moja: yuko aliyekwisha azimia kuacha akikosa sababu ya mwisho, yuko atakayeendelea kuvuta ila kwa kiasi kidogo zaidi, na yuko kijana ambaye hajaanza, na ambaye fedha za mfukoni mwake ni haba. Tafiti nyingi zimekadiria kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hupungua kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri, na kwa takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takriban nusu ya upungufu huo hutokana na watu kuacha au kutoanza, na nusu ya pili hutokana na wanaovuta kupunguza idadi ya sigara zao. Sharti lake ni kwamba bei ipande kuliko mishahara na gharama nyingine za maisha. Kwani ushuru uliowekwa kwa shilingi maalumu na kuachwa miaka mitano bila ya kurekebishwa huliwa na mfumuko wa bei, na sigara ikawa rahisi zaidi ilhali sheria haikubadilika hata herufi moja.

Watu wakipunguza kununua, hazina ya serikali haitapata hasara?

Na tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pakiti inauzwa shilingi 200, na katika hizo shilingi 80 ni ushuru. Pakiti 100 zikiuzwa, hazina hupokea shilingi 8,000. Serikali ikiongeza ushuru hadi shilingi 100, na muuzaji akaiongeza tofauti yote katika bei, pakiti itafika shilingi 220, yaani imepanda kwa asilimia 10. Kwa kadirio la asilimia 5 tulilotaja, pakiti zitakazouzwa zitakuwa 95, na hazina itapokea shilingi 9,500. Matumizi yamepungua na mapato yameongezeka pamoja, kwa kuwa ushuru ni sehemu tu ya bei: ushuru umepanda kwa asilimia 25, na bei kwa asilimia 10 tu. Mwandishi wa insha aonyeshe hesabu hii wazi, kisha aseme bayana kwamba inasimama maadamu kampuni haikuubeba ushuru yenyewe ili kuwazuia wateja wake wasitoroke.

Kanada ilithibitisha nini mwaka 1994?

Mwezi wa Februari mwaka huo serikali ya Kanada, ikisumbuliwa na magendo, ilipunguza ushuru wake, na majimbo ya Kwebeki, Ontario na matatu ya mashariki yakapunguza wa kwao pia, ilhali majimbo ya magharibi yalikataa kufuata. Kule Kwebeki bei ya katoni ilishuka kwa karibu nusu. Basi pakatokea jambo ambalo mtafiti hulitamani na hawezi kuliamuru: raia wa nchi moja, wenye matangazo ya aina moja na sheria nyingi za aina moja, wakigawanyika kwa bei. Watafiti waliowafuatilia watu wale wale kwa muda walikuta kwamba katika majimbo yaliyopunguza ushuru walioanza kuvuta walikuwa wengi zaidi, na walioacha wachache zaidi, kuliko katika majimbo yaliyoushikilia. Ushahidi huu una nguvu kwa sababu unaonyesha athari kwa upande wa pili: tumezoea kusikia kwamba bei ikipanda uvutaji hushuka, na hapa bei iliposhuka uvutaji ulipata nguvu.

Lakini magendo si dalili kwamba ushuru ulikuwa mkubwa kupita kiasi?

Hoja hii haifai kupuuzwa, kwani ndiyo iliyoishawishi serikali ile. Hata hivyo, sehemu kubwa ya sigara za magendo zilikuwa za Kanada yenyewe, zikisafirishwa Marekani bila ya kulipiwa ushuru, kisha zikirudishwa kwa siri kuvuka mpaka. Mwaka 2008 kampuni mbili kubwa za nchi hiyo zilikiri makosa yao mahakamani, na zikakubali kulipa faini na fidia zilizopindukia dola bilioni 1. Kwa hiyo ufa ulikuwa katika usimamizi wa forodha zaidi kuliko katika kiwango cha ushuru, na dawa yake ni kuifuatilia kila pakiti tangu kiwandani hadi dukani, kama Kenya inavyojaribu kwa stempu zake za ushuru.

Na picha za maonyo, ushahidi wake ni wa nguvu sawa?

La, na mwandishi mwaminifu hana budi kulisema hilo. Picha 16 za Kanada, zilizofunika nusu ya uso wa pakiti, zilienea madukani kufikia mwaka 2001. Lakini mwaka huo huo ushuru nao uliongezwa, na kutenganisha athari za mambo mawili yaliyotokea pamoja ni kazi ngumu. Utafiti wa mwaka 2004, uliolinganisha muda mfupi kabla na baada ya picha, haukuona upungufu wa wavutaji unaoweza kuthibitishwa. Utafiti wa mwaka 2014, uliotazama miaka mingi na kuilinganisha Kanada na Marekani, ulikadiria kwamba picha ziliondoa takriban wavutaji 3 hadi 5 katika kila watu 100. Tofauti yatokana na muda na kipimo: picha huanza kwa kumfikirisha mtu na kumfanya aahirishe sigara moja, na tunda lake huchelewa. Tena picha zile zile zilikaa mpaka mwaka 2012 bila ya kubadilishwa, na jicho lililozoea haliogopi tena.

Basi insha ihukumu nini, na sisi wa Afrika Mashariki tuchukue lipi?

Ushuru uwekwe mbele, kwa kuwa athari yake hupimika kwa pakiti na kwa shilingi. Picha zifuate kama msaidizi wake, zikibadilishwa kila baada ya muda. Kwetu kuna jambo la ziada: wengi hununua sigara moja moja kibandani, wala hawaishiki pakiti, hivyo onyo humfikia muuzaji likampita mvutaji. Kwa hiyo anayeandika juu ya Kenya au Tanzania asidai matokeo ya Kanada kabla ya kueleza uuzaji huu utakomeshwaje. Kanada yenyewe imekwisha pita hatua ya kuonya juu ya pakiti peke yake, kwani tangu mwaka 2023 sheria yake inataka onyo lichapwe juu ya kila sigara.