Mchele Buti, Watoto Siti ya Nyuma

Mavuno ya Mwea yakianza, watu wa Nyeri, Karatina na Kerugoya huteremka hadi Wang'uru kununua pishori vinuni, na gari linalobeba mchele mara nyingi ndilo linalobeba familia. Kijitabu hiki kinalifuata gari moja la mfano: Probox, baba yuko kwenye usukani, mama yuko mbele amempakata mtoto wa miezi minane, nyanya ameketi nyuma na mjukuu wa miaka sita, na nyuma ya kiti chao kuna magunia mawili ya mchele, kila moja kilo 50. Wanarudi Karatina kupitia Makutano na Sagana.

Gari likisimama ghafla

Tuseme gari linakwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauona wa polepole, kisha linagonga lori lililoharibikia barabarani. Sehemu ya mbele inajikunja kama nusu mita na gari linasimama. Asiyejifunga mkanda hasimami nalo. Yeye anaendelea mbele kwa kasi ileile hadi akutane na usukani, dashibodi au kioo, na hapo anasimamishwa ndani ya sentimita chache tu. Kasi hiyo ni sawa na ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10.

Kazi ya mkanda ni kumfunga mtu kwenye gari ili naye apunguziwe kasi kidogo kidogo wakati chuma cha mbele kinajikunja. Hata hivyo nguvu inayompata ni kubwa: kwa kusimama ndani ya nusu mita kutoka kilomita 50 kwa saa, ni karibu mara 20 ya uzito wake. Baba wa kilo 70 anausukuma mkanda kama mzigo wa kilo 1,400. Kwenye kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo huzidi mara mbili na nusu.

Ndiyo maana mahali mkanda unapopita ni muhimu sana. Nyonga, mtulinga na mbavu vinaweza kuhimili kiasi kikubwa, tumbo haliwezi. Sehemu ya chini ilale juu ya nyonga, ikigusa mapaja, na ya juu ipite katikati ya bega na kifua. Wapo wanaoipitisha chini ya kwapa kwa sababu inawasumbua shingoni. Gari likigonga, mkanda huo huvunja mbavu za chini na kuumiza ini na wengu. Mama mjamzito anahitaji mkanda kama wengine: wa chini upite chini ya mimba, wa juu upite kati ya matiti na kando ya tumbo.

Mtoto wa miezi minane

Mtoto huyu ana kilo nane. Ukizidisha kwa 20, mikono ya mama inatakiwa kushika kilo 160, ghafla, kabla hajajua kuna nini. Hakuna mzazi mwenye nguvu hizo, hata ampende mtoto namna gani. Wengine hujifunga mkanda mmoja pamoja na mtoto, na hilo ni baya zaidi: mama wa kilo 60 anamgandamiza mtoto kwenye mkanda kwa uzito wa kilo 1,200. Kumfunga mgongoni kwa leso na kuegemea kiti nako kunamweka kati ya mama na kiti.

Mtoto wa umri huu awekwe kwenye kiti chake, siti ya nyuma, akiangalia nyuma ya gari, angalau hadi miezi 15. Kichwa chake ni kizito kuliko mwili unavyoweza kukibeba, na shingo bado ni laini. Akiangalia mbele, mwili unazuiwa na mikanda huku kichwa kikirushwa mbele na kuvuta shingo. Akiangalia nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinapokelewa pamoja na mgongo wa kiti. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu mfuko ukifumuka unakipiga kiti upande wa kichwa.

Baridi ya Nyeri inaleta kosa lake. Mtoto akivishwa sweta tatu na jaketi nene, mikanda huonekana imekaza kumbe imekaza nguo. Gari likigonga, nguo hubonyea na mtoto huchomoka. Mvue jaketi, kaza mikanda hadi usiweze kuifinya ukapata mkunjo kwa vidole, kisha mfunike blanketi kwa juu. Ukinunua kiti cha mtumba, kikatae kama kina ufa, hakina lebo, au muuzaji hawezi kukuambia kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali.

Mjukuu wa miaka sita naye bado ni mfupi kwa mkanda wa mtu mzima: unampita shingoni na tumboni. Anahitaji kiti cha kumwinua hadi afike takriban sentimita 135, na kwa magari mengine hadi 150. Kama hakuna, bado ni heri afungwe nyuma, peke yake kwenye mkanda wake, kuliko kukaa bila kitu.

Gunia lililo nyuma ya nyanya

Hapa ndipo familia nyingi husahau. Kila gunia la kilo 50 linakuwa na msukumo wa tani moja. Chini ya kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa, mgongo wa kiti cha nyuma hujaribiwa kwa masanduku mawili ya kilo 18, yakirushwa kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Jumla ni kilo 36. Sisi tumeweka 100. Komeo la mgongo wa kiti likikatika, kiti kinamwangukia nyanya na mjukuu, hata kama wamefunga mikanda.

Ushauri wetu ni wazi: watoto wakiwa nyuma, magunia makubwa yapelekwe kwa gari la mizigo. Kama hakuna njia nyingine, yalazwe sakafuni, yasizidi urefu wa mgongo wa kiti, na yabanwe kabisa nao. Ukiacha nafasi, gunia linapata mwendo kabla ya kugonga kiti, na pigo linakuwa kali zaidi. Lifunge kwa kamba kwenye pete za sakafu. Vuta mgongo wa kiti kwa nguvu kabla ya kuondoka. Ukicheza, komeo halijashika. Viti visivyo na watu vifungwe mikanda pia, kwa kuwa husaidia kuzuia mgongo wa kiti usilale.

Kwenye pikapu shida ni nyingine. Gunia la nailoni linateleza juu ya lenzake, na mchele hujipanga upya kadiri gari linavyotikisika, kwa hiyo kamba iliyokazwa Wang'uru huwa imelegea kabla ya Makutano. Simama hapo uikaze tena. Wanaofunga mizigo ya malori Ulaya hukadiria kuwa breki kali husukuma mzigo mbele kwa hadi asilimia 80 ya uzito wake, na kona kwa nusu. Magunia 20 ya kilo 50 ni msukumo wa kilo 800 unaoelekea kwenye kichwa cha pikapu. Yaanzie pale pale kwenye ukuta wa mbele, bila pengo, ndipo kamba ipite juu.

Vibarua wa mavuno wasipandishwe juu ya magunia hayo. Pale juu hakuna mkanda wala ukuta, na breki inayosogeza mzigo kidogo tu inatosha kumtupa mtu barabarani. Mwenye shamba awalipie nauli ya matatu, na kila mmoja afunge mkanda wake, kama Sheria za Michuki zinavyotaka tangu 2004.